Maji Gani, Mama?

Mama mmoja alifika kwenye meza yangu ya ufundi Kariakoo saa 3 asubuhi, simu ameifunga ndani ya leso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imezima tu yenyewe, sijui imekuwaje."

Zamani ningeikagua na kumwambia palepale kwamba imeingia maji. Angekana kwa aibu, nami ningebishana naye huku muda unakwenda. Siku hiyo nilimuuliza kwanza anafanya kazi wapi. Akasema anauza samaki Feri. Nikauliza taratibu: "Iliangukia maji gani, mama?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza yote. Jana yake jioni ilitumbukia kwenye ndoo ya barafu iliyotiwa chumvi. Mwanawe akaifukia kwenye mchele usiku kucha, na alfajiri wakaichomeka chaji.

Jibu lile liliniokolea nusu siku. Maji ya chumvi yakikauka huacha chumvi juu ya bodi, na mchele hauwezi kuitoa. Unyevu ukibaki kidogo tu na umeme ukapita, shaba huanza kuliwa. Kwa hiyo sikujaribu hata kuiwasha. Niliifungua, nikachomoa betri kabla ya kugusa kingine chochote, nikakuta ukoga wa kijani kwenye tundu la chaji na pembezoni mwa bodi. Nikausugua kwa mswaki laini na spiriti ya mafundi, nikakausha, nikasugua tena.

Kisha nikaiunganisha bodi na mashine ya umeme, volti 4. Bodi iliyo nzima hailambi umeme kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwashia. Hii ilikuwa inaulamba: palikuwa na shoti. Nikaipaka spiriti juu na kuangalia wapi itakauka kwanza, maana penye shoti hupata joto. Ilikauka juu ya kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mtama. Niliing'oa kwa bloa, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye bodi ya simu mfu ya aina ileile.

Saa 11 jioni simu iliwaka, picha na majina ya wateja wake yote yamo. Nilimwambia pia jambo ambalo hakulipenda: kutu iliyokwisha kuanza huweza kurudi, hivyo anakili majina usiku uleule.

Baada ya kuondoka nilizikumbuka simu za maji zilizonishinda. Nyingi zililetwa baada ya wiki nzima, lakini zipo ambazo wenyewe waliogopa kuniambia ukweli kwa jinsi nilivyowauliza. Hizo nazihesabu juu yangu.

Simu yako ikiangukia maji, izime, usiichomeke chaji, ilete siku hiyohiyo, na useme ni maji gani. Hapa hutagombezwa.