Kikwembe kilikuwa dukani, mteja hakukiona

Mwezi uliopita dada yangu mdogo, anayeuza vikwembe hapa Lubumbashi, alikosa kuuza vipande 12 kwa siku moja. Mama mmoja wa Kamalondo alitafutia familia ya bwana harusi kitambaa kimoja: waksi ya bluu, yadi 6. Aliingia kwenye duka letu la mtandaoni, akafungua Waksi, kisha Bluu, hakuona cha kumpendeza. Akaenda kununua kwenye soko la Kenya. Baadaye alipopita nyumbani akaona kile kile alichokitaka kimepangwa kwenye meza. "Kumbe mulikuwa nacho?" Tulikuwa nacho. Kwenye mtandao kilikuwa ndani ya sanduku la Harusi.

Kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyelipanga duka lile. Nililipanga kama mti: tawi la Waksi, tawi la Bazini, tawi la Harusi, na kila tawi na vijitawi vyake. Kila kitambaa kilipata mahali pamoja tu. Lakini Waksi ni aina ya kitambaa, Harusi ni shughuli. Nilichanganya maswali mawili kwenye ngazi moja, na kitambaa kinachojibu yote mawili kikalazimika kuchagua.

Kwanza nilijaribu kutibu mti wenyewe. Tuna aina 4, rangi 6 na urefu wa namna 3. Ukitaka kila mchanganyiko uwe na sanduku lake, ni masanduku 72. Ongeza shughuli 3, yanafika 216, na mengi yatakuwa matupu. Tena mti unamlazimisha mteja kuanza na swali ulilolichagua wewe. Dada yangu huanza na aina, wateja wake wengi huanza na rangi.

Tatizo hili lilikuwepo kabla ya mtandao. Mkutubi wa Madras, Uhindi, S. R. Ranganathan, alitoa mwaka 1933 mpango wa kupanga vitabu kwa pande. Kitabu hakitafutiwi tawi moja lililokwisha kuandikwa. Kinaulizwa maswali kadhaa, kila swali peke yake, kisha majibu yanaunganishwa. Kwetu pande ni aina, rangi, urefu na shughuli. Majina ya kujaza ni 4 na 6 na 3 na 3, yaani 16 tu, na mteja anaanza upande wowote.

Duka letu linatumia WooCommerce. Nilifuta matawi, nikabakiza sanduku moja la Vikwembe, nikaandika pande nne kwenye sehemu ya sifa za bidhaa. Kazi ndefu ilikuwa ya dada: kupitia kila kitambaa na kukijazia. Siku ya tatu tuligundua upande wa rangi una "bluu", "buluu" na "bulu", na mashine inaona rangi tatu. Tangu hapo hakuna kuandika kwa mkono, ni kuchagua kwenye orodha. Kitambaa chenye bluu na njano kinapewa zote mbili, maana mteja ataona ile inayomvutia.

Halafu kuna mtego mmoja ulionipotezea jioni nzima. Mteja akichagua bluu na kijani, anamaanisha yoyote kati ya hizo. Kichujio chetu kilimletea vitambaa vyenye rangi zote mbili kwa pamoja, vipande viwili tu. Ndani ya upande mmoja inatakiwa "au". Kati ya pande ni "na". Anwani iliyo sawa inasomeka hivi:

```
?filter_rangi=bluu,kijani&query_type_rangi=or&filter_urefu=yadi-6
```

Kando ya kila jina tuliweka idadi, mfano Bluu (9), na jina lenye sifuri halionyeshwi. Hiyo inamwokoa mteja asibonyeze na kukuta ukurasa mtupu. Kila kubonyeza kunapakia ukurasa upya na kula megabaiti zake, kwa hiyo niliweka kitufe kimoja: chagua vyote, kisha pakia mara moja.

Mti haukufa wote. Dada ameanza kuuza kandambili na vitambaa vya kichwa. Yadi haina maana kwa kandambili, wala namba ya kiatu kwa kikwembe. Kwa hiyo juu kabisa kuna masanduku matatu, na kila moja lina pande zake. Na kama ungekuwa na bidhaa 20 tu, nisingekusumbua na haya. Ziweke zote ukurasa mmoja.

Sasa dada anataka upande wa "Mpya". Namkatalia, maana hakuna atakayekumbuka kuliondoa neno hilo kitambaa kikizeeka. "Yaya, tarehe si inajulikana?" ananiambia. Kweli inajulikana, duka linaiandika lenyewe kila bidhaa inapoingizwa. Kwa hiyo tutapanga kwa tarehe, kilichoingia karibuni kianze juu.