Vidole vya Binti wa Fundi

Mimi ni binti wa fundi cherehani. Baba yangu anashona katika chumba kidogo huko Kigali, karibu na soko la Kimironko, na kazi yake kubwa ni nguo za vitenge. Nilipokuwa na miaka 14, alinituma sokoni nimnunulie mteja kitenge cha pamba, yadi sita. Nilichagua chenye rangi kali. Nilipokishika kilikuwa kigumu, nami nikaridhika, kwa maana niliamini kwamba ugumu ndiyo pamba yenyewe.

Baba alikata gauni na kulishona, kisha akaupiga pasi mshono wa mgongoni kwa moto wa pamba. Kitambaa kiling'aa kama kilichopakwa mafuta, halafu kikajikunja na kunata kwenye pasi. Mteja alitakiwa avae gauni hilo harusini Jumamosi. Baba alinunua kitambaa kingine kwa pesa yake na kushona usiku kucha. Hakunigombeza. Asubuhi aliniambia tu, "Likizo hii utakaa kwa shangazi yako."

Shangazi anauza vitambaa sokoni. Siku ya kwanza alifunika vipande vitatu kwa khanga, akaniambia niingize mkono na kusema kipi ni pamba. Nilikosea mara tatu. Alinishika mkono, akaunusa. "Umejipaka mafuta," alisema. "Unagusa mafuta yako mwenyewe, hujagusa kitambaa." Tangu siku hiyo nilinawa kwa sabuni kila asubuhi kabla ya kazi.

Kisha alinifundisha kuuondoa wanga. Vitenge vipya hutiwa wanga ili visimame vizuri dukani, na wanga hukipa kitambaa chochote ugumu ule ulionidanganya. Alichukua pembe moja, akaifikicha kati ya viganja kama mtu anayefua. Ugumu ulivunjika, na kilichobaki ndicho kitambaa chenyewe. Pamba ilikuwa kavu, ikishika ngozi ya kidole kidogo. Poliesta iliteleza, na jasho la kidole changu lilibaki juu yake badala ya kunywewa.

Baada ya hapo tulikunja. Unakifumbata kitambaa kwa nguvu, unahesabu hadi kumi, unaachia. Pamba hubaki na mikunjo mikali, kama karatasi iliyotupwa. Poliesta hufunguka karibu yote. Mchanganyiko ndio unaosumbua: mikunjo yake huwa ya mviringo, nayo hufunguka polepole, nusu nusu. Nilirudia zoezi hilo chini ya khanga kwa wiki mbili, mpaka niliacha kubahatisha.

Wiki ya tatu alikuja mtu na jora jipya. Pembeni lilikuwa limepigwa chapa kwamba ni pamba tupu, asilimia 100. Shangazi alinisogezea bila kusema neno. Nilifikicha, nikafumbata, nikahesabu. Mkononi kilikuwa laini na kikavu kama pamba, lakini nilipoachia, mikunjo ilianza kufunguka. Moyo ulinidunda. Nilikuwa mtoto, na maandishi yalikuwa yamepigwa na kiwanda.

"Ni mchanganyiko," nilisema.

Mwenye jora alicheka. Shangazi alichomoa nyuzi chache, za urefu na za upana, akatoka nje na kuziwasha juu ya jiwe, mbali na vitambaa. Ziliwaka haraka zikitoa harufu ya karatasi, kama pamba inavyofanya. Lakini pamba huacha majivu mepesi yanayosagika yote. Haya nilipoyasaga yalikuwa na vipunje vyeusi, vigumu kama mchanga. Hiyo ilikuwa poliesta iliyoyeyuka.

"Poliesta ni kiasi gani humo?" Shangazi aliniuliza.

"Sijui, shangazi."

"Vizuri. Hakuna kidole kinachojua hilo. Ukijidai unajua, utarudi kule kule ulikotoka."

Alilinunua jora lile, lakini kwa bei ya mchanganyiko. Wateja walipouliza, aliwaambia ukweli. Mwanamke mmoja aliondoka. Mwingine alinunua yadi sita kwa furaha, kwa kuwa alitaka nguo ya safari isiyokunjamana na inayokauka upesi. Hapo nilielewa kwamba mchanganyiko si kitambaa kibaya. Ubaya ni kuuziwa kama pamba, halafu fundi akaupiga pasi kama pamba.

Niliporudi nyumbani, mteja alikuwa ameleta kitambaa chake na kuapa kwamba ni pamba. Pasi ilikuwa tayari mezani. Baba hakuichomeka umeme. Alikata kipande kidogo ukingoni, akanipa, akangoja. Nilikwenda kwanza kunawa mikono.