Dakika Saba Zilipogeuka Robo Saa

Sisi tuliozikuta karatasi za saa zikijazwa kwa kalamu tunakumbuka kwamba robo saa ilikuwa kipimo cha haki. Mhasibu au wakili aliijaza karatasi yake jioni, au Ijumaa ya wiki nzima, akikumbuka kazi moja baada ya nyingine. Kumbukumbu ya namna hiyo haiwezi kutofautisha dakika 11 na dakika 16, kwa hiyo kuandika robo saa kulikuwa kukiri mpaka wa kile anachokijua. Mteja naye alijua kwamba makosa yanaenda pande zote mbili: simu fupi nyingi hazikuandikwa kabisa, na zilizoandikwa zilipandishwa kidogo. Kanuni ya kupandisha ilizaliwa katika mazingira hayo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mazingira yamebadilika na kanuni imebaki, na kwa kubaki kwake imegeuka kuwa nyongeza ya bei ambayo hakuna aliyeikubali.

Mtindo wa kutoza kwa saa ulienea kutoka kwa mawakili wa Marekani. Mwaka 1958 chama chao cha taifa kilitoa kijitabu kilichowahimiza watunze rekodi za muda wao, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Goldfarb, ilipiga marufuku orodha za ada za chini walizokuwa wakipangiana huko Virginia. Saa ikawa ndiyo bei. Ili hesabu iwe nyepesi, saa iligawanywa katika sehemu kumi za dakika sita, na wengine wakabaki na robo. Halafu zikaja programu za kubonyeza kuanza na kubonyeza kusimama, zinazohesabu hadi sekunde. Wengi walidhani kupandisha kungetoweka, kwa kuwa sababu yake imetoweka. Haikuwa hivyo. Kulihamia ndani ya mipangilio ya programu, pale ambapo mteja haoni, na kukaanza kufanya kazi kwenye kila ingizo, hata lile la dakika tatu ambalo kalamu isingeliandika kamwe.

Tuchukue siku moja ya msaidizi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu, ambaye saa yake hutozwa shilingi 60,000. Amegusa faili la mteja mmoja mara tano: dakika 7, 4, 11, 3 na 20. Jumla ni dakika 45, yaani shilingi 45,000. Ukipandisha kila ingizo hadi robo saa, unapata 15, 15, 15, 15 na 30, jumla dakika 90, na ankara inasoma shilingi 90,000. Ukitumia sehemu za dakika sita kwa kila ingizo, unapata 12, 6, 12, 6 na 24, yaani saa nzima, shilingi 60,000. Lakini ukijumlisha kwanza, kisha ukapandisha jumla hadi dakika sita, unapata dakika 48 na shilingi 48,000. Kazi ni ileile na kiwango ni kilekile. Katika jedwali la Excel tofauti hiyo ni mahali tu neno moja linapokaa:

```
=SUMPRODUCT(CEILING(B2:B6,6))/60*60000
=CEILING(SUM(B2:B6),6)/60*60000
```

Mstari wa kwanza unatoa 60,000, wa pili 48,000. Nimeona mikataba inayojadiliwa kwa wiki nzima ili kupunguza kiwango kwa asilimia tano, isiseme lolote kuhusu mpangilio huu unaoweza kuongeza mara mbili.

Wapo wanaosema dawa ni kukadiria kwenda kwenye robo iliyo karibu zaidi, badala ya kupandisha daima. Maingizo yaleyale matano yanajibu: 7, 4 na 3 yanakuwa sifuri, 11 inakuwa 15, na 20 inashuka hadi 15. Dakika 45 zimekuwa 30, na sasa anayeibiwa ni ofisi. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye mwelekeo wa kukadiria bali kwenye mahali pake. Kosa la kukadiria linazaliwa upya kila mara kanuni inapotumika. Ikitumika mara moja kwa mstari wa ankara, kosa haliwezi kuzidi kipimo kimoja.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaotetea kupandisha kila ingizo kwa sababu simu ya dakika tatu hukatiza kazi nyingine, na kuirudia kazi hiyo kunachukua muda. Ni kweli kabisa. Lakini gharama hiyo iko katika kila kazi ya ofisi, na mahali pake ni kwenye kiwango cha saa, ambacho mteja anakiona na anaweza kukijadili. Ikiachwa kwenye kupandisha, inamlipa zaidi anayebonyeza saa mara nyingi, wala si anayekatizwa zaidi. Dalili yake ni rahisi kuipata: gawa dakika zilizotozwa kwa dakika halisi, mtu kwa mtu. Uwiano wa mmoja ukiwa 1.05 na wa jirani yake 1.6 kwenye faili moja, ankara inapima tabia ya kubonyeza. Mahakama nazo zimeliona tatizo hili. Mwaka 2007, katika kesi ya Welch dhidi ya kampuni ya bima ya MetLife, mahakama ya rufaa ya Marekani iliridhia kupunguzwa kwa asilimia 20 saa zilizotozwa kwa robo. Kesi hiyohiyo ilikosoa kubana kazi nyingi katika ingizo moja, kwa hiyo kujumlisha kusichukuliwe kuwa kuficha: kila ingizo libaki na maelezo na dakika zake halisi katika kiambatisho, na jumla ya siku pekee ndiyo ikadiriwe.

Kima cha chini kinahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu kina sababu ya kweli. Fundi wa mfumo wa hesabu akifunga safari kuvuka Dar es Salaam kwa kazi ya dakika 20, dakika 20 hazilipi safari. Ila kima hicho ni cha ziara, si cha mtu. Mwandamizi wa shilingi 150,000 kwa saa akifuatana na msaidizi, na kima kikiwa saa moja kwa kila mmoja, ziara hiyo inagharimu 210,000. Afadhali kuweka kima cha ziara, tuseme 120,000. Dakika 20 za kila mmoja zinapanda hadi 24: mwandamizi 60,000, msaidizi 24,000, jumla 84,000, na mstari wa tatu ulioandikwa wazi, nyongeza ya kufikia kima cha chini, 36,000. Mpangilio ni dakika, kisha kukadiria, kisha viwango, kima mwisho kabisa.

Viwango vya vyeo ndivyo vinavyoamua nini kijumlishwe. Dakika za mwandamizi na za msaidizi haziwezi kukaa mstari mmoja, na hata dakika za mtu mmoja hugawanyika akipandishwa cheo katikati ya mwezi. Baadhi ya programu huhifadhi kiwango kwenye jina la mtu. Ukikibadilisha tarehe 15, saa za tarehe 3 ambazo bado hazijatozwa zinapanda nazo kimyakimya. Kiwango kinapaswa kunakiliwa kwenye ingizo siku kazi ilipofanyika, pamoja na cheo chake, na dakika halisi zisiguswe baada ya hapo. Pale mshirika anapofanya kazi ya msaidizi kwa kuwa msaidizi anaumwa, cheo cha kazi ndicho kiandikwe, kwa sababu mteja alikubali bei ya kazi, na ugonjwa ofisini si jambo aliloliagiza.