Mimba ya wiki kumi na kipimo cha malaria

Wamama wenzetu, tunawajulisha mambo yaliyotupata hapa Uvira na mwenzetu mmoja wa kikundi. Alikuwa na mimba ya wiki kumi. Siku ya Jumatatu alianza kutetemeka na kuumwa kichwa, akapimwa damu ya kidole kwenye kituo cha afya: malaria. Muganga akamupa vidonge vya manjano vya artemeta na lumefantrini, vile tunavyoviita Koartem. Yeye akavificha ndani ya mfuko.

Tulipomukuta Jumanne asubuhi alikuwa angali na homa, na vidonge vyote 24 vilikuwa vizima. Bibi mmoja jirani alikuwa amemwambia kwamba dawa hiyo inatoa mimba ikiwa haijafika miezi mitatu, anywe kinini tu. Dada yake naye alimuletea vidonge vitatu vya fansidari vilivyobaki nyumbani.

Tusimucheke yule bibi. Zamani ndivyo waganga wenyewe walivyofundisha: miezi mitatu ya kwanza ni kinini, kwa siku saba. Waliogopa kwa sababu dawa za jamii ya artemisini zilidhuru mimba za wanyama kwenye majaribio. Lakini miaka ilipita, wanawake wengi wakazinywa kabla ya kujua wana mimba, na walipofuatiliwa haikuonekana kwamba mimba zao zilitoka au watoto walizaliwa na kilema kuliko wale wa kinini. Kwa hiyo mwaka wa 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilibadilisha shauri lake: malaria isiyo kali katika miezi mitatu ya kwanza itibiwe kwa artemeta na lumefantrini. Kuna dawa nyingine za mchanganyiko kwenye famasi zetu, lakini kwa miezi hiyo ya mwanzo hii ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Kuanzia mwezi wa nne uchaguzi unakuwa mpana.

Kinini bado kinaponya. Shida yake tunaijua: masikio yanalia, sukari ya damu inashuka, na wengi wetu tunaacha siku ya tatu. Fansidari ndiyo hatari ya kudanganyika. Ile tunayomeza kwenye siku ya kupima mimba ni ya kukinga, inaanza wiki ya 13, haitumiwi kutibu mama aliye na homa. Katika miezi mitatu ya kwanza haitakiwi kabisa.

Tulirudi naye kwa muganga. Akatuambia jambo moja lililotunyamazisha: kinachotoa mimba mapema ni malaria yenyewe, na homa ya usiku mmoja ule aliokaa bila dawa ilikuwa mbaya kuliko vidonge.

Alianza palepale, saa nne asubuhi: vidonge vinne. Mara ya pili ni baada ya saa nane, yaani saa kumi na mbili jioni. Kutoka hapo ni Jumatano na Alhamisi, vinne saa nne asubuhi na vinne saa nne usiku. Muganga alisisitiza chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri mwilini. Sisi tulimupikia maharagwe na mawese, na usiku tukamupa ndagala za kukaanga. (Harufu ya ndagala ilimushinda siku ya kwanza, tukabadilisha na maziwa.) Jioni hiyo alitapika nusu saa baada ya kumeza. Ikiwa mtu ametapika kabla ya saa moja kupita, anameza tena vile vinne. Tulirudi kuomba vingine ili hesabu isipunguke.

Muganga alituonyesha pia wakati wa kuacha vidonge na kukimbia hospitali: akitapika kila kitu, akipoteza akili, akishikwa na degedege, macho yakiwa manjano au akipumua kwa shida. Hapo anachomwa sindano ya artesunate, hata mimba ikiwa ya mwezi wa kwanza. Akitokwa na damu vilevile asingoje asubuhi.

Kwake haikufika huko. Alhamisi homa ilikuwa imekwisha, akamaliza vyote hata hivyo.

Wiki mbili baadaye alipimwa tena mahali pengine, bila homa, na kile kipimo cha haraka kikaonyesha mistari miwili. Akalia, akidhani dawa ilishindwa, na muuzaji alikuwa tayari kumupa nyingine. Kumbe kipimo hicho kinashika mabaki ya vijidudu vilivyokufa, na mabaki yanaweza kukaa damuni wiki kadhaa. Tone nene la damu lilitazamwa kwenye mikroskopi: hakuna kitu. Fansidari yake ya kukinga alipewa mwezi uliofuata, wakati wake ulipofika.