Ukimya wa Saa Saba na Nusu Usiku

Miaka ile nilipoanza kutunza seva za chama kimoja cha kuweka na kukopa, asubuhi zetu zilianza na barua pepe. Skripti ya nakala rudufu ilikuwa ikimaliza kazi usiku na kututumia ujumbe kwamba nakala imekamilika. Mwanzoni kila mtu aliusoma. Baadaye ujumbe ukawa unajilundika kwenye folda yake bila kufunguliwa, na mkuu wa idara akaamua, kwa sababu ya msingi kabisa, kwamba skripti ituandikie pale tu inapokwama.

Lakini skripti hulalamika ikiwa imeanza kukimbia. Isipoanzishwa, haina mdomo wa kusema.

Hilo lilidhihirika siku mhasibu alipofuta kwa bahati mbaya rekodi za mikopo akaomba zirudishwe. Faili jipya kuliko yote lilikuwa la kabla ya mfungo wa Ramadhani, na Idi tulikuwa tumekwisha kuila. Hakuna barua hata moja ya hitilafu iliyokuwa imeingia. Huduma ya `cron` ilikuwa hai, mstari wa ratiba ulikuwa mahali pake, na kazi nyingine za seva hiyo zilikuwa zikienda kama kawaida. Jibu tulilipata kwenye `/var/log/syslog`, kila usiku saa saba na nusu:

```
Authentication token is no longer valid; new one required
```

Ofisi ilikuwa imepitisha kanuni kwamba kila nywila ife baada ya siku 90. Akaunti iliyoendesha nakala haikuwa na mtu wa kuingia nayo, kwa hiyo hapakuwa na wa kuibadilishia nywila. Ilipoisha muda, `cron` ilikataa kuanzisha kazi yake, na kwa kuwa kazi haikuanza, hakikuwepo cha kutumwa kwa barua. Amri ya `chage -l` ilituonyesha tarehe yenyewe ya kuisha.

Kurekebisha akaunti kulichukua dakika moja. Kilichobaki ni kujua nani ataona siku kazi isipotokea tena, na hapo ndipo utaratibu wetu ulipogeuka. Reli zilikwisha kulitatua hili zamani: dereva wa treni hushikilia kanyagio, na akizimia mguu ukaachia, treni inajifunga breki. Nasi tukaiweka kazi yetu katika hali hiyo. Kila inapofaulu inagonga anwani moja kwenye huduma ya Healthchecks, na isipogonga kwa wakati, huduma ndiyo inayotupigia kelele.

```
30 1 * * * /opt/nakala/nakala.sh && curl -fsS -m 10 --retry 5 -o /dev/null https://hc-ping.com/UUID
```

Alama za `&&` ndizo zenye uzito hapo. Ukiweka nukta-mkato badala yake, ishara itatoka hata skripti ikianguka. Na mlinzi lazima akae nje ya seva anayoilinda, la sivyo umeme ukikatika wanazimika pamoja. Mtandao ukikatika usiku tunapata kengele ingawa nakala ni nzima, lakini naikubali kengele hiyo, maana seva isiyosikika inastahili kutazamwa.

Muda wa kusubiri ulitusumbua kidogo. Tuliweka mzunguko wa saa 24 na nyongeza ya nusu saa, na mwisho wa mwezi, hesabu za riba zilipoilemea hifadhidata, simu zikalia bure. Kengele ya uongo ikizoeleka inapuuzwa kama zile barua za zamani. Tukaangalia kazi huchukua muda gani usiku wake mzito kuliko yote, tukaongeza nafasi juu yake.

Kisha likaja tatizo la pili, ambalo naliona zito kuliko la kwanza. Ishara zilikuwa zinafika kila usiku, lakini mwenzangu alipoorodhesha faili aliona za karibuni zina baiti 20 kila moja. Nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa. `pg_dump` ilishindwa kuingia, na `gzip` iliyokuwa mwisho wa bomba ikabana utupu ikaripoti kwamba imefaulu. Gamba tupu la `gzip` lina baiti 20 hasa. Tuliongeza `set -eo pipefail` juu ya skripti ya `bash`, pamoja na kipimo cha ukubwa wa faili kabla ya ishara kutoka.

Hata hivyo ukubwa hauthibitishi kwamba faili linafunguka. Kwa hiyo kila Jumapili kazi nyingine huchukua nakala ya usiku huo, huirudisha kwenye hifadhidata tupu, na kuuliza tarehe ya muamala wa mwisho. Ikiwa ni ya Jumamosi, inagonga anwani yake yenyewe, yenye mzunguko wa siku 7 na nyongeza ya siku moja. Wiki ya sikukuu, ofisi ikiwa imefungwa na Jumamosi haina muamala, kengele hii hulia, na mtu wa zamu huingia kutazama kwa macho yake.