Hina Haijakataa, Inasubiri Kesho

Kila msimu wa Idi na wa harusi, hapa Nyabugogo nasikia lalamiko lile lile kutoka kwa wasichana wa kikundi chetu: "Yaya, hina imekataa. Angalia, iko rangi ya chungwa tu!" Lalamiko lenyewe ni dogo. Kinachonitia wasiwasi ni swali linalofuata: "Ile nyeusi inauzwa wapi?"

Basi tufuate hina ya bibi harusi mmoja, saa kwa saa. Harusi ni Jumamosi mchana. Jumatano jioni mpakaji anachanganya unga wa majani ya mhina na maji ya ndimu na sukari kidogo, mpaka uwe mzito kama maziwa mgando. Anafunika bakuli na kuliacha usiku kucha. Ndani ya majani kuna rangi inayoitwa lawsoni, lakini imefungwa pamoja na sukari ya mmea. Unyevu na ukali wa ndimu huifungua polepole. Mombasa kwenye joto kazi hiyo huenda haraka, ila Kigali tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari na usiku ni baridi, kwa hiyo mpe saa kumi na mbili au zaidi. Dalili ya kuwa tayari ni kwamba juu uji umekuwa kahawia, na ukichimba na kijiko, chini bado ni kijani.

Alhamisi asubuhi bibi harusi anapakwa. Hina inakaa mkononi saa sita, halafu inakwanguliwa bila maji. Hapo ndipo anaona rangi ya chungwa na moyo unashtuka. Kumbe hiyo ndiyo rangi sahihi. Katika zile saa sita, lawsoni imetoka kwenye uji ikazama katika tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa, na kushikana na keratini, yaani protini ile ile ya kucha na nywele. Imeshaingia, ila haijaiva.

Kuiva kunafanywa na hewa. Oksijeni inaendelea kuibadilisha rangi iliyoshikwa na ngozi, kidogo kidogo. Fikiria avoka uliyoikata ukaiacha mezani: inageuka kahawia bila mtu kuigusa. Kemia yake si ile ile, lakini hewa ndiyo inayofanya kazi pote pawili. Ijumaa asubuhi mkono umekuwa mwekundu wa kutu. Jumamosi, siku mbili baada ya kupakwa, ni kahawia yenye wekundu. Ndiyo sababu wanaojua kazi hii hawapaki asubuhi ya harusi yenyewe.

Maji ya mapema huharibu. Akiosha vyombo Alhamisi hiyo hiyo, rangi inaweza kubaki hafifu. Kwa hiyo siku ya kwanza anapaka mafuta kidogo na kazi za maji anawaachia wadogo zake. Pia asitegemee mkono wote ulingane. Kiganjani tabaka lile la seli zilizokufa ni nene, linabeba rangi nyingi na kuwa kahawia nzito. Mgongo wa mkono una ngozi nyembamba, na pale itabaki hafifu zaidi hata ukipaka kutoka bakuli moja.

Sasa turudi kwenye ile nyeusi. Hina peke yake haiwi nyeusi kama makaa, wala haikolei ndani ya nusu saa. Ukiona hivyo, mara nyingi ni piko, yaani rangi ya nywele, au hina iliyochanganywa nayo. Ndani yake kwa kawaida kuna kemikali ambayo kwenye kiboksi huandikwa p-phenylenediamine, kwa kifupi PPD. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kuichora kwenye ngozi. Mtu anaweza kuipaka leo akaona sawa, kisha baada ya siku kadhaa ua lote linavimba, linawasha na kutoa malengelenge, yakifuata mstari ule ule wa mchoro. Mwili ukishaikataa mara moja, hausahau. Miaka baadaye rangi ya kawaida ya saluni inaweza kumvimbisha uso.

Kwa hiyo ninawaambia wasichana wamuulize mpakaji maswali mawili kabla ya kutoa mkono. La kwanza: nikae nayo muda gani? Akisema dakika ishirini, ondoka. La pili: nikiitoa itakuwa na rangi gani? Anayepaka hina ya kweli atakujibu bila aibu, "Chungwa, mdogo wangu. Nyekundu utaiona kesho."