Sehemu ya 4: "Mwili" upi huo? (Tukitafsiri neno la Jumamosi)

Mliuliza kwa nini kutafsiri kurasa tatu za ibada ya kina mama kulinichukua jioni nne nzima baada ya zamu. Leo nawaeleza neno moja tu: mwili.

Andiko lilikuwa la Kiingereza. Mwandishi alitumia maneno mawili tofauti. Moja ni mwili huu tunaouosha na kuulisha. Lingine ni ile hali ya mtu inayovuta kwenye dhambi. Hata Paulo, kwenye Kigiriki chake, alikuwa na maneno mawili: soma na sarks. Sasa Biblia yetu ya Muungano, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tunabeba mkobani, mara nyingi yote mawili inayaita "mwili". Ukimwambia msikilizaji "tuushinde mwili", hana namna ya kujua ni upi.

Kwa kina mama hilo si jambo dogo. Nusu ya wasikilizaji wetu wananyonyesha. Kabla sijaandika, niliwasomea wawili sentensi ile ikiwa neno kwa neno: "Tuutiishe mwili ili Roho atawale." Kisha nikawaomba wanieleze kwa maneno yao, kama tunavyofanya kliniki tukishatoa maelezo ya vidonge. Mmoja, ana mtoto wa wiki tano, akasema: "Yaani nisiusikilize mwili ukidai chakula. Nifunge." Mwingine akasema uchovu ni adui, auombee uondoke. Jamani, mama wa wiki tano anatakiwa ale na kunywa zaidi, na kizunguzungu ni cha kupeleka hospitali, si cha kushindana nacho.

Basi nifanyeje? Njia rahisi ilikuwa kulifuta neno "mwili" na kuweka jingine. Biblia ya Habari Njema, kwenye Wagalatia 5, inatumia "kidunia". Inaeleweka haraka, lakini hapa kwetu ina shida yake: mama anayeuza maandazi stendi anaweza kudhani biashara yake ndiyo hayo mambo ya kidunia. Halafu kina mama wazee wanaijua mistari ya Muungano kwa moyo. Ukiwabadilishia neno katikati ya mstari, wanaacha kukusikiliza wanaanza kufunua kurasa kutafuta ulipotoa.

Nilichofanya ni hiki. Kwanza, nilipita andiko lote na kalamu mbili: nyekundu kwa mwili wa kuoga, bluu kwa ile hali ya dhambi. Penye mstari wa Biblia sikugusa kitu. "Mwili" ukabaki mwili. Ila palipokuwa na bluu, sentensi inayofuata ikabeba maelezo kwa neno ambalo kanisa tayari linalo: "utu wa kale", au "tamaa za mwili". Haya hayajatungwa na mimi. Yamo humo humo kwenye Muungano, kwa hiyo heshima ya andiko inabaki na bibi hashtuki.

Sentensi ile ikawa: "Tuutiishe mwili, yaani ule utu wa kale wenye wivu, hasira na fitina, ili Roho atawale." Wivu, hasira na fitina nimevitoa kwenye orodha ya Paulo mwenyewe pale Wagalatia 5. Isomeni yote taratibu. Ulevi na uasherati vimo, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni magomvi na chuki. Njaa ya mama anayenyonyesha haimo. Usingizi haumo.

Palipokuwa na nyekundu, niliongeza kaneno kadogo: "mwili wako huu". Kwa mfano pale Paulo anapouita mwili hekalu, 1 Wakorintho 6. Ukisikia "mwili wako huu" hulichanganyi hekalu na utu wa kale.

Ila dawa hii haiponyi kila mahali. Yohana 1 inasema Neno alifanyika mwili, na Kigiriki chake ni sarks hiyohiyo. Ukichomeka "utu wa kale" hapo umeharibu imani nzima! Hapo ni mwili wa kuzaliwa, wenye kunyonya na kulia, basi nikauacha bila maelezo. Kwa hiyo huwezi kuamua neno mara moja ukalibandika kote. Unaamua mstari kwa mstari.

Mwishoni niliwasomea tena wale wawili. Mama wa wiki tano akanieleza: "Nisimnunie wifi." Nikamuuliza, na kula je? Akacheka: "Kula nakula, dada nesi."

Hapo nikajua sentensi imefika. Sehemu ya 5 tutaongelea neno "haki", maana nalo lina mambo yake.